Kuusoma Mchoro wa Msitu: Majaribio Saba na Kadirio Moja

Wachunguzi wa lugha waliozoea kusoma tafiti za ufundishaji wamekuwa wakikutana na mchoro wa namna ya pekee, hasa tangu Norris na Ortega walipochapisha mwaka 2000 uchanganuzi wao uliojumlisha tafiti nyingi za ufundishaji wa lugha ya pili. Ni mchoro wa vijistari vya ulalo vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, kila kimoja na kialama chake katikati, na chini yake pana umbo dogo lenye pembe nne lililosimama kwa ncha, kama uru ya karata. Kwa Kiingereza mchoro huu umepewa jina la msitu. Lewis na Clarke, waliochunguza asili ya jina hilo katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 2001, walieleza kwamba linatokana na sura ya vijistari hivyo vinavyofanana na miti. Katika makala haya utaitwa mchoro wa msitu, na umbo la chini litaitwa uru, kwa kuwa wacheza karata wa Kiswahili wanalijua kwa jina hilo tangu zamani.

Mchoro wa namna hii unaonekana mwepesi, na wepesi huo ndio unaowapotosha wasomaji. Ili kuonyesha jinsi unavyosomwa, makala haya yanachukua mfano mmoja tu, tena mfano mashuhuri kuliko yote: majaribio saba ambayo mchoro wake umekuwa nembo ya shirika la Cochrane, lililoundwa mwaka 1993 kwa kazi ya kujumlisha tafiti za tiba.

Majaribio yenyewe

Mtoto anayezaliwa kabla ya siku zake hukabiliwa kwanza kabisa na tatizo la pumzi, kwa sababu mapafu yake hayajapevuka. Huko Auckland, Nyuzilandi, Liggins na Howie walijaribu kuwapiga sindano ya kotikosteroidi akina mama waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati, ili dawa ipite kwa mama na kuyapevusha mapafu ya mtoto angali tumboni. Matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Baadaye wakafuata wengine: Block mwaka 1977, Morrison mwaka 1978, Papageorgiou na Taeusch mwaka 1979, Doran mwaka 1980, na Gamsu, ambaye matokeo yake yalichelewa kutoka hadi mwaka 1989. Katika kila jaribio akina mama waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa na wengine wasipewe, kisha wakahesabiwa watoto waliofariki baada ya kuzaliwa.

Kwa Auckland hesabu ilikuwa hivi. Upande wa dawa walifariki watoto 36 kati ya 532, yaani takriban 6.8 katika kila mia. Upande wa pili walifariki 60 kati ya 538, yaani 11.2 katika kila mia. Ukiigawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili unapata 0.61. Tarakimu hii ndiyo uwiano wa hatari. Ikiwa ni 1, pande zote mbili zilikuwa na hatari sawa. Ikiwa chini ya 1, dawa ilipunguza vifo. Ikiwa juu ya 1, iliviongeza. Uwiano wa 0.61 una maana kwamba kwa kila vifo mia ambavyo vingetokea bila dawa, vilitokea 61 tu.

Kwa kufanya hesabu hiyo hiyo kwa majaribio yote saba na kuyapanga kwa tarehe, mchoro unakuwa na sura ifuatayo. Mstari wa wima unasimama penye 1.

```
Auckland                                 ----O-- |          0.61 (0.41-0.90)
Block           ------------------o--------------+---       0.18 (0.02-1.47)
Morrison                     ------------o-------+---       0.38 (0.10-1.39)
Papageorgiou   ------------------o---------------+--        0.15 (0.02-1.20)
Taeusch                                   -------o--------  1.01 (0.43-2.40)
Doran                        ---------o--------- |          0.28 (0.09-0.85)
Gamsu                                    -----o--+---       0.73 (0.39-1.39)

Jumla                                     <====> |          0.59 (0.44-0.79)
```

Kabla ya kuendelea, jambo moja juu ya mizani ya mchoro. Umbali kutoka 0.5 hadi 1 ni sawa na umbali kutoka 1 hadi 2, kwa sababu kupunguza vifo kwa nusu na kuvizidisha mara mbili ni mambo mawili yenye ukubwa ule ule, yanayoelekea pande mbili. Hii ni mizani ya logi. Asiyeitambua atashangaa kuona kwamba alama ya Auckland, 0.61, imo katikati kabisa ya mstari wake, ilhali katika tarakimu iko karibu zaidi na 0.41 kuliko 0.90.

Maana ya kila mstari

Alama iliyo katikati ya mstari ni kadirio, yaani jibu moja bora ambalo jaribio lile linaweza kulitoa. Mstari wenyewe ni masafa ya kadirio hilo. Neno uhakika, ambalo lingekuja upesi katika kalamu ya mfasiri, limeepukwa hapa makusudi, kwa kuwa mstari huu unapima jinsi uhakika ulivyopungua. Masafa haya hutengenezwa kwa kanuni ambayo, lau jaribio lingerudiwa mara nyingi, masafa 95 katika kila mia yangelikumba jibu la kweli. Kwa lugha nyepesi, masafa ni orodha ya majibu yote ambayo data za jaribio lile hazigombani nayo.

Kwa hiyo mstari mrefu si dalili ya nguvu. Mstari wa Block, unaoanzia 0.02 na kuishia 1.47, ndio unaovuta macho kuliko yote, na ndio usiosema karibu lolote. Unakubaliana na madai kwamba dawa inaokoa karibu kila mtoto, na unakubaliana vilevile na madai kwamba inaongeza vifo kwa karibu nusu. Sababu yake ni dhahiri ukirudi kwenye hesabu: katika jaribio zima walifariki watoto sita tu, mmoja upande wa dawa na watano upande wa pili. Kifo kimoja zaidi upande wa dawa kingeliongeza kadirio maradufu.

Sasa na utazamwe mstari wa wima wa 1. Majaribio mawili, la Auckland na la Doran, hayaugusi. Matano yanauvuka. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, na ni kosa ambalo mwanaisimu ana haki ya kulidai kuwa la fani yake, maana ni kosa la mahali pa ukanushi. Kusema kwamba jaribio halikuonyesha kuwa dawa inafaa si sawa na kusema kwamba lilionyesha kuwa dawa haifai. Katika sentensi ya kwanza kilichokanushwa ni kuonyesha. Katika ya pili ni kufaa. Mstari unaovuka 1 hutamka ile ya kwanza tu. Jaribio la Taeusch ni mfano mzuri: alama yake imekaa juu ya mstari wa wima, kana kwamba imethibitisha usawa, lakini masafa yake yanaanzia 0.43. Data za Taeusch hazipingani na matokeo ya Auckland hata kidogo. Jibu la 0.61 limo ndani ya masafa yake.

Msomaji wa kawaida wa miaka ile, ambaye hakuwa na mchoro bali makala yaliyotawanyika katika majarida mbalimbali, alielekea kuhesabu kura: mawili yanaunga mkono, matano hayaungi. Kwa hesabu hiyo dawa imeshindwa. Hata hivyo kura hizo hazikuwa za kupinga. Zilikuwa kimya cha majaribio madogo.

Ipo njia ya kuliona jambo hili kwa macho bila hesabu yoyote. Chukua rula, uiweke wima penye 1: masafa matano yanaivuka, mawili yanabaki kushoto. Kisha isogeze rula kushoto hadi ifike 0.59, chini ya kitovu cha uru. Hapo masafa yote saba yanaivuka. Majaribio ambayo yalionekana kugombana yana jibu moja wanaloweza kuafikiana juu yake, na jibu hilo si 1.

Uzito na kadirio la jumla

Uru ya chini haipatikani kwa kuwajumlisha watoto wote katika makundi mawili makubwa, kana kwamba mama wa Auckland angeweza kulinganishwa na mama wa mji mwingine. Kulinganisha hufanywa ndani ya kila jaribio kwanza, mahali ambapo kura iliwagawa akina mama kwa haki. Kisha majibu saba ndiyo yanayochanganywa. Kila jibu hupewa uzito wake, na uzito huo hutegemea ufupi wa masafa: masafa mafupi, uzito mkubwa. Katika michoro iliyochorwa vizuri alama za katikati huwa miraba, na eneo la mraba hulingana na uzito, ili jicho livutwe na mraba mkubwa badala ya mstari mrefu. Katika mchoro uliopigwa hapo juu herufi kubwa ya Auckland inadokeza tu jambo hilo.

Kwa majaribio haya saba, Auckland peke yake inachukua uzito wa 53 katika mia, Gamsu 20, Taeusch 11, Doran 7 na Morrison 5. Papageorgiou na Block hawafikishi 2 kila mmoja. Wengi hudhani kwamba uzito hufuata idadi ya washiriki. Kwa Auckland dhana hiyo haileti madhara, lakini mlinganisho wa Block na Taeusch unaivunja. Block alikuwa na washiriki 130, Taeusch 127, yaani karibu sawa kabisa. Walakini uzito wa Taeusch ni kama mara sita ya ule wa Block. Tofauti ni kwamba kwa Taeusch walifariki watoto 18, kwa Block sita. Uwiano wa hatari hujifunza kutokana na matukio. Mtoto aliyeishi, kwa furaha yote anayowaletea wazazi wake, huongeza habari kidogo sana katika hesabu hii.

Baada ya kuchanganya, kitovu cha uru kinaangukia 0.59, na ncha zake mbili za ulalo zinafika 0.44 na 0.79. Ncha hizo ndizo masafa ya kadirio la jumla. Uru haina mstari unaoipita kwa sababu upana wake ndio mstari wenyewe. Hauko mbali na jibu la Auckland, kama inavyotarajiwa, lakini ni mfupi kuliko ule wa Auckland, na ncha yake ya kulia imeondoka penye 0.90, karibu na 1, ikarudi 0.79. Huo ndio mchango wa majaribio madogo sita: hayakubadili sana jibu, yaliondoa shaka.

Tarehe za majaribio nazo zina jambo la kusema. Ukimwacha Gamsu, aliyechapisha mwaka 1989, yanabaki majaribio sita ambayo yote yalikuwa yamekwisha kutoka kufikia mwaka 1980. Kuyachanganya hayo sita kunatoa 0.56, masafa kutoka 0.40 hadi 0.77. Jibu lilikuwapo, ila hakuna aliyelijumlisha. Muhtasari wa kwanza uliojumlisha majaribio haya kwa utaratibu ulichapishwa mwaka 1989, na taasisi za afya za Marekani zilitoa pendekezo rasmi la kutumia dawa hii mwaka 1994. Katika miaka iliyopita kati ya hapo, akina mama wengi waliokuwa hatarini kujifungua kabla ya wakati hawakupewa sindano ambayo bei yake ni ndogo, na shirika la Cochrane limekuwa likieleza kwamba watoto njiti kwa makumi ya maelfu huenda waliteseka na kufa bila sababu. Nembo yake ni ukumbusho wa hilo.

Kuijaribu uru

Uru iliyokaa vizuri upande mmoja haipaswi kuaminiwa kabla ya kuulizwa maswali mawili au matatu. La kwanza: je, inasimama kwa mguu mmoja? Auckland ina zaidi ya nusu ya uzito; huenda jumla yote ni Auckland iliyovaa nguo nyingine. Ukiiondoa na kuyachanganya sita yaliyobaki, jibu ni 0.57, masafa kutoka 0.37 hadi 0.87. Masafa yamepanuka, lakini hayajafika 1. Majaribio sita, ambayo matano kati yake hayakuweza kusema lolote peke yake, yanasema pamoja kile kile ilichosema Auckland.

La pili linahusu majaribio yasiyoonekana. Katika mchoro huu majaribio yenye masafa marefu kuliko yote, la Block na la Papageorgiou, ndiyo pia yaliyo mbali zaidi kushoto, yenye makadirio ya 0.18 na 0.15. Mpangilio wa namna hii hutia shaka. Jaribio dogo lenye matokeo mazuri hupata mchapishaji kwa urahisi. Jaribio dogo lenye matokeo mabaya huweza kubaki katika saraka ya mtafiti. Mchoro hauwezi kuonyesha mti ambao haukupandwa ndani yake. Kinachoweza kufanywa ni kuondoa hayo mawili yanayotiliwa shaka na kutazama: jumla inasogea hadi 0.62, masafa kutoka 0.46 hadi 0.83. Mwendo ni mdogo, kwa kuwa uzito wao ulikuwa mdogo tangu mwanzo.

La tatu ni kama majaribio yanatofautiana kupita kiasi cha bahati tu. Wenye fani hukipima kiasi hicho kwa tarakimu inayoandikwa I², na kwa majaribio haya inatoka takriban 15 katika mia, ambayo ni ndogo. Rula iliyowekwa penye 0.59 ilikuwa imekwisha kulisema hili kwa njia yake. Pale ambapo masafa mafupi mawili yamekaa pande mbili bila kugusana, uru ya chini huwa wastani wa mambo mawili tofauti, na kuisoma kama jibu moja ni sawa na kutafuta wastani wa lahaja mbili kisha kudai kwamba kuna mtu anayeizungumza.

Mipaka ya kadirio

Uru husema juu ya mahali majaribio yalipofanyika. Majaribio saba haya yalifanywa katika hospitali zilizokuwa na uwezo wa kumtunza mtoto njiti baada ya kuzaliwa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015 lilipeleka dawa hiyo katika jamii za Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistani na Zambia, ikiwa ni pamoja na vituo vidogo, ambako umri wa mimba mara nyingi ulikisiwa bila picha ya ultrasaundi. Vifo vya watoto wadogo kabisa, waliolengwa na dawa, havikupungua, na kwa watoto wote kwa jumla uwiano ulitoka 1.12, masafa kutoka 1.02 hadi 1.22. Masafa hayo hayagusi 1, lakini yako upande wa kulia. Wengi waliopewa dawa walikuwa akina mama ambao hatimaye walijifungua watoto waliotimiza siku zao, ambao hawakuihitaji.

Ilibidi swali liulizwe upya kwa masharti mengine. Shirika la Afya Duniani lilisimamia jaribio katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, umri wa mimba ukiwa umepimwa vizuri na mtoto akiwa na pa kutunzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Upande wa dawa walifariki watoto wachanga 278 kati ya 1417, upande wa pili 331 kati ya 1406, uwiano 0.84, masafa kutoka 0.72 hadi 0.97. Ukiuchora mstari huo chini ya uru ya zamani utauona kulia kwake, mfupi, ukigusana nayo kwa sehemu tu na kukaribia sana 1 bila kuufikia. Kwa jicho, dawa inaonekana kuwa dhaifu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Hapa mchoro unaficha jambo kwa sababu unaonyesha uwiano peke yake. Katika majaribio saba ya zamani, upande usiopewa dawa walifariki watoto kama 12 katika mia. Ukizidisha kwa 0.59 unabaki na saba, yaani watoto watano wameokoka katika kila mia. Katika hospitali 29 za jaribio jipya upande usiopewa dawa walifariki 23.5 katika mia, na upande wa dawa 19.6. Hao ni watoto wanne katika kila mia, karibu sawa na wale watano, ingawa mstari wao uko karibu na 1. Hatari ilikuwa kubwa mara mbili tangu mwanzo, na kipande kidogo cha hatari kubwa kimetosha kuwa watoto wengi.